Kichwa cha Slaidi Kiseme Jambo

Katika mikutano mingi ya mwaka ya SACCOS, slaidi ya mikopo huwa na kichwa "Hali ya Mikopo", na chini yake maneno matatu: "Marejesho", "Changamoto", "Mkakati". Mwanachama aliyeketi nyuma anajua mada ni ipi, lakini hajui meneja anataka mkutano uamue nini.

Tuchukue chama cha wakulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini. Mkopo wa mbolea hutolewa Novemba, rejesho la kwanza hudaiwa Januari, na mavuno huanza Mei. Basi kichwa kiseme hivyo: "Wakulima wanachelewa kulipa kwa sababu tunawadai kabla ya mavuno." Hapo mtu anaweza kukubali au kubisha. "Hali ya Mikopo" hakuna awezaye kuibishia, na kwangu hiyo ndiyo dalili kwamba kichwa bado ni jina la mada tu.

Vidokezo navyo sasa vinapata kazi ya kuthibitisha kichwa. "Marejesho" inakuwa "Rejesho la kwanza hudaiwa Januari, mahindi huvunwa kuanzia Mei." "Changamoto" inakuwa "Wanachama wenye maduka, wanaopata fedha kila wiki, hulipa kwa wakati." "Mkakati" haithibitishi chochote hapa, kwa hiyo ihamie slaidi yake yenye kichwa: "Mikopo ya kilimo ianze kudaiwa Juni."

Lakini sentensi kamili pekee haitoshi. Januari 2003, chombo cha anga Columbia kikiwa angani, wahandisi wa Boeing waliwaonyesha NASA slaidi kuhusu kipande cha povu la kuhami joto kilichogonga bawa la kushoto wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi mojawapo kilitoa hoja ya kutuliza: majaribio yalionyesha kuwa makadirio ya madhara yalikuwa yameegemea upande wa tahadhari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo ilipoandikwa kwamba kipande kile kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali kilichojaribiwa kilikuwa na 3. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirejea, wakafa wote saba. Ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotoka Agosti mwaka huo, iliikosoa slaidi hiyo waziwazi. Kichwa cha haki kingekuwa: "Kipande kilichogonga bawa ni kikubwa mara 640 kuliko tulichojaribu; hatujui kimeharibu nini."

Kwa hiyo andika vidokezo kwanza, tafuta kilicho kizito kuliko vyote, kisha ukipandishe juu kiwe kichwa. Ukimaliza, fungua View, halafu Outline View, umsomee mwenzako vichwa peke yake kwa mfululizo. Asipoweza kukueleza unauomba mkutano uamue nini, virekebishe kabla hujachapisha nakala.