Nyaya Mbili Ndani ya Kitufe cha Sauti

Kitufe cha sauti cha redio nyingi za gari za siku hizi huzunguka bila kikomo. Volyumu ya zamani ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mahali iliposimama ndipo palipoonyesha kiwango cha sauti. Kitufe hiki kipya hakina mwanzo wala mwisho. Redio inajuaje basi kwamba dereva amekizungusha kulia, na kwa kiasi gani?

Jibu limo ndani ya kifaa kiitwacho enkoda. Mna kisahani chenye vipande vya chuma vilivyopangwa duara, na katikati ya kipande na kipande pana plastiki isiyopitisha umeme. Juu yake vinateleza viguso viwili, tuviite A na B. Kiguso kikiwa juu ya chuma tuandike 1, kikiwa juu ya plastiki tuandike 0.

Kama kingekuwepo kiguso kimoja tu, redio ingehesabu mapigo bila kujua upande, kwa kuwa 0, 1, 0, 1 husomeka sawasawa kulia na kushoto. Ndiyo maana B huwekwa nyuma ya A kwa robo ya mzunguko mmoja wa pigo.

Tuseme sauti iko 10, na viguso vyote viko kwenye plastiki. Dereva anazungusha kulia mpaka kitufe kinalia “tik” mara moja. A inagusa chuma kwanza, kisha B inafuata. Halafu A inaondoka, na B inaondoka mwisho:

```
AB: 00 → 10 → 11 → 01 → 00
```

Akizungusha kushoto, B ndiyo inayotangulia:

```
AB: 00 → 01 → 11 → 10 → 00
```

Aliyetangulia ndiye anayetaja upande, na idadi ya mabadiliko ndiyo inayotaja kiasi. Mabadiliko manne ni “tik” moja, nayo sauti inapanda hadi 11. Enkoda yenye “tik” 20 kwa mzunguko mzima hutoa mabadiliko 80, yaani badiliko moja kila nyuzi 4.5.

Kila hatua hubadilisha tarakimu moja tu. Redio ikiona 00 imeruka moja kwa moja hadi 11, kuna hatua iliyoipita bila kusomwa, na upande haujulikani tena.

Chuma nacho hutetemeka kinapogusana: A inaweza kusomeka 1, 0, 1 kabla ya kutulia. Kifaa kinachofuatilia kila badiliko huongeza moja, hupunguza moja, huongeza moja. Jumla hubaki moja. Lakini redio nyingine hutumia njia ya mkato: A inapogusa, hutazama B. B ikiwa 0, ni kulia. Ikiwa 1, ni kushoto. Hapo kila mtetemo huhesabiwa kama pigo jipya.

Njia hiyo ya mkato ina dalili yake. Kiguso B kikichafuka kiasi cha kutopitisha umeme, husomeka 0 daima, na sauti hupanda hata dereva anapozungusha kushoto ili kuipunguza.