Ukurasa Unaoishia Njiani

Katika duka moja la vifaa vya ofisi linalotoa fotokopi na kujaza fomu za wanafunzi mtandaoni, ruta ilibadilishwa siku moja tu baada ya faiba kufika. Barua pepe zikawa zinafunguka na video zinacheza bila kukwama. Kipimo cha kasi nacho kikaonyesha namba za kufurahisha. Lakini tovuti moja ya maombi ya masomo ikawa inaleta kichwa cha habari na menyu ya juu, kisha alama ya kusubiri inazunguka bila kikomo. Mwanafunzi aliyekuwa akipandisha cheti chake aliona mstari wa upakiaji ukisimama na kutosogea tena. Alipochukua simu yake na kutumia bando lake mwenyewe, tovuti ileile ilifunguka yote.

Wengi hapo hulaumu tovuti, au huhisi kompyuta imeingiwa na virusi. Simu iliyofaulu ilikuwa imeshaondoa shaka ya kwanza: tovuti ilikuwa hai. Kilichotofautiana ni njia.

Data haisafiri mtandaoni kama mkondo mmoja wa maji. Hukatwa vipande, navyo huitwa pakiti, na kila njia ina ukubwa wa mwisho wa pakiti inayoweza kuibeba. Ukubwa huo ndio MTU. Kwenye waya wa kawaida wa Ethernet ni baiti 1500. Watoa huduma wengi wa faiba na DSL, hata hivyo, humtambua mteja kwa jina na nywila kupitia utaratibu uitwao PPPoE, nao huongeza baiti 8 zake ndani ya kila fremu. Nafasi inayobaki kwa pakiti ni 1492. Baiti nane ni chache mno, lakini pakiti iliyojaa hadi 1500 haipiti.

Ruta mpya ya duka ilikuwa imeunganishwa kwa PPPoE, na kwenye nafasi ya MTU kulikuwa kumeandikwa 1500. Ziko ruta zinazojisahihisha zenyewe zinapounganishwa; hii haikufanya hivyo.

Mbona basi tovuti nyingine zilifunguka? Kompyuta inapoanza mazungumzo na seva, kila upande humwambia mwenzake kiasi kikubwa cha data anachoweza kupokea katika pakiti moja. Kiasi hicho huitwa MSS, nacho ni MTU ukitoa baiti 40 za vichwa vya pakiti. Kompyuta za dukani zilikuwa zikitangaza 1460, na seva zikaamini. Salamu za mwanzo ni fupi, kwa hiyo zilipita salama. Seva ilipoanza kutuma mzigo wenyewe, pakiti za 1500 zilifika kwenye mtambo wa mtoa huduma, zikagonga ukomo wa 1492 na kutupwa.

Utaratibu wa kuokoa hali hiyo upo tangu mwaka 1990. Kifaa kinachoitupa pakiti humrudishia mtumaji taarifa ya ICMP inayosema imezidi, na ukomo ni huu. Seva inayoipokea hupunguza ukubwa na kutuma upya, na msomaji hata hajui kama kulikuwa na shida. Lakini wako wasimamizi wa seva waliofunga ICMP yote kwa kudhani wanaimarisha ulinzi. Seva zao hazipati taarifa, hivyo hurudia kutuma pakiti ileile, nayo hutupwa tena na tena. Mafundi huiita hali hiyo shimo jeusi. Na kwa kuwa ukurasa mmoja huweza kuchota maandishi kutoka seva hii na picha au fomu kutoka seva nyingine, sehemu moja hutokea na nyingine haitokei.

Kuipima hakuhitaji kifaa cha kununua. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na utume pakiti isiyoruhusiwa kukatwa njiani:

```
ping -f -l 1472 1.1.1.1
```

Namba 1472 ni mzigo peke yake. Ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1500. Kwenye Linux amri ni `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`, na kwenye Mac ni `ping -D -s 1472 1.1.1.1`. Anza kwanza na namba ndogo, tuseme 1000, ili uwe na hakika kwamba anwani hiyo inajibu.

Dukani, 1000 ilijibu na 1472 haikujibu. Fundi akajaribu 1400, ikajibu, 1460, ikajibu, 1464, ikajibu, 1465, kimya. Akajumlisha 1464 na 28 akapata 1492, ile namba ya PPPoE.

Kimya chenyewe kilikuwa na maana, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Kama ruta ingejua ukomo wake, Windows ingeandika `Packet needs to be fragmented but DF set.` Badala yake iliandika `Request timed out.` Yaani pakiti iliruhusiwa kutoka, ikapotea mbele, wala hakuna aliyerudisha habari. Ndiyo sababu hata cheti cha mwanafunzi hakikupanda: kompyuta nayo ilikuwa ikituma pakiti zilizojaa bila kuonywa.

Tiba bora ni kwenye ruta, kwa sababu humponya kila aliyeunganishwa nayo, simu zikiwemo. Fundi alifungua ukurasa wa mipangilio, akaingia sehemu ya WAN, akabadilisha MTU kutoka 1500 kuwa 1492, akahifadhi na kuunganisha upya. Ruta nyingi zikishajua hivyo hurekebisha zenyewe MSS inayotangazwa hadi 1452. Zenye nafasi yake ya pekee, huandikwa namba hiyo. Kwa ruta inayoendeshwa na Linux, amri ni hii:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Asiye na nywila ya ruta anaweza kusahihisha kompyuta yake peke yake. Afungue dirisha la amri kwa haki za msimamizi na kuweka jina la muunganisho kama linavyoonekana kwake:

```
netsh interface ipv4 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1492 store=persistent
```

Si vyema kushusha namba ovyo kwa kudhani ndogo zaidi ni salama zaidi. Kila pakiti hubeba vichwa vyake, kwa hiyo pakiti ndogo huongeza mizigo isiyo ya lazima, na chini ya 1280 IPv6 haifanyi kazi. Anayetumia VPN ana hesabu ya ziada: WireGuard, kwa mfano, hutengewa baiti 80, hivyo juu ya PPPoE ukomo wake unakuwa 1412. Na kama 1472 inajibu bila tatizo ukiwa huna VPN, njia yako ya kutoka inabeba pakiti kamili. Chunguza kwanza kivinjari na viongezi vyake.

Baada ya marekebisho fundi alirudia kipimo cha 1465. Safari hii ruta ilijibu papo hapo kwamba pakiti imezidi, na 1464 ikapita kama awali. Ukurasa wa maombi ukafunguka hadi kitufe cha mwisho, na cheti kikapanda.