Mstari Ukipinda Machoni: Ni Tundu au Utando, na Lini Upasuaji Hufaa

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, ziba jicho moja kwa kiganja. Kama una miwani ya kusomea, ivae. Tazama mistari ya vigae ukutani, vyuma vya dirisha au karatasi ya daftari la hesabu la watoto, na ukaze macho mahali pamoja. Kisha badilisha jicho. Mistari ikiwa imenyooka kwa jicho moja na kupinda au kufanya mawimbi kwa jicho la pili, tatizo haliko ukutani. Na ukitazama kwa macho yote mawili huenda usilione, kwa sababu jicho zima humfichia mwenziwe aibu.

Wengi wetu tukisikia mzee haoni vizuri husema ni mtoto wa jicho. Lakini mtoto wa jicho hutia ukungu, hapindi mlango. Kinachopinda mistari huwa nyuma ya jicho, kwenye retina, lile pazia jembamba linalopokea picha. Katikati ya pazia hilo pana kitovu kiitwacho makula. Hapo ndipo tunaposomea msahafu, tunapotungia sindano na tunapotambua nyuso za watu.

Jicho limejaa ute mzito kama weupe wa yai bichi, ulioshikamana na retina. Umri ukisogea, hasa baada ya miaka 60, ute huo huwa majimaji na kubanduka. Kwa watu wengi hubanduka salama. Kwa wachache huwa umeng'ang'ania pale kwenye makula, ukavuta hadi pakatoboka. Hilo ndilo tundu la makula, na huwapata zaidi wanawake. Kwa wengine ute huacha chembechembe zinazoota utando juu ya retina, mfano wa ule utando wa maziwa yaliyopoa. Utando ukijikaza, retina iliyo chini yake hukunjamana, na mistari ikapinda.

Dalili zinafanana, lakini maamuzi hayafanani, na hapa ndipo watu wanapopotea. Mwenye utando huona mawimbi, lakini neno analisoma lote. Mwenye tundu huona mistari imebanwa kuelekea katikati, na mara nyingi hapo katikati pamekosekana kitu: akitazama uso wa mtu, pua haipo; akisoma, herufi ya kati imemezwa. Kinachothibitisha ni picha ya mashine ya OCT, ambayo huonyesha retina kana kwamba imekatwa kama mkate. Haiumi na huchukua dakika chache.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 64, fundi cherehani. Anaona pindo analoshona limejikunja, ilhali akilipima kwa rula limenyooka. Duka la kwanza anauziwa miwani, la pili anaandikiwa dawa ya matone. Miezi miwili inapita. Hakuna miwani wala matone yanayoziba tundu. Anapofika kwa daktari wa retina, jicho lile linasoma 6/36, yaani kwa umbali wa mita 6 anaona kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 36. Picha ya OCT inaonyesha tundu la milimita 0.3.

Huyu anafaa kupasuliwa, na asikawie. Tundu lisilofika milimita 0.4, likishughulikiwa ndani ya miezi sita ya mwanzo, huziba kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Likikaa mwaka mzima huwa pana zaidi, na hata likizibwa, nuru inayorudi huwa kidogo. Zamani wagonjwa kama hawa waliambiwa hakuna tiba. Ni mwaka 1991 ndipo madaktari wawili wa Marekani, Kelly na Wendel, walipochapisha matokeo ya upasuaji huu, na wakati huo matundu yaliyoziba yalikuwa kama 58 kwa kila 100.

Daktari hufungua vijitundu vitatu vidogo kwenye weupe wa jicho, akautoa ule ute, akabandua ngozi nyembamba mno iliyo juu ya makula, kisha akajaza gesi. Kwa kawaida mgonjwa hufishwa ganzi jicho tu. Povu la gesi hufunika tundu likae kavu mpaka kingo zake zikutane. Kwa kuwa gesi hupanda juu, mgonjwa huambiwa ainamishe uso siku kadhaa ili povu lifike nyuma ya jicho. Tundu likiwa dogo, madaktari wengi hulegeza sharti hilo. Gesi hujimaliza yenyewe baada ya majuma mawili hadi minane, kutegemea aina yake, na katika muda huo mgonjwa huona kama anayetazama ndani ya maji.

Hapa kuna jambo la kutuhusu sisi watu wa pwani. Gesi hutanuka mtu anapopanda juu, na ikitanuka ndani ya jicho hupandisha shinikizo hadi kuua nuru kabisa. Kwa hivyo hakuna ndege mpaka povu liishe: si ya Umra, si ya Nairobi. Hata basi au treni ya kwenda Nairobi inakupandisha zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Aliyepasuliwa Mombasa asifunge safari hiyo bila ruhusa ya daktari wake. Vilevile, akihitaji upasuaji mwingine wowote, amwambie mtu wa nusukaputi kwamba ana gesi jichoni. Na kabla ya siku ya upasuaji aulize kuhusu udhu na kusujudu, kwa sababu maji ya bomba hayatakiwi jichoni majuma ya mwanzo.

Baada ya miezi mitatu, mama wetu anaweza kufika 6/12 na kurudi cherehani, ingawa mstari huenda ukabaki na kipindo kidogo. Na kama hajawahi kuondolewa mtoto wa jicho, ajue kwamba upasuaji huu humharakisha. Wengi wa umri wake humhitaji atolewe ndani ya miaka miwili. Pia kama mtu 1 au 2 kati ya 100 hupata kubanduka kwa retina. Akiona pazia jeusi linashuka, au maumivu makali, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa mwenye utando. Huyu akiwa anasoma na kufanya kazi zake, hana haja ya kukimbilia kisu. Utando mwingi hukaa miaka bila kuongezeka. Apigwe picha, arudi baada ya miezi kadhaa, ajipime nyumbani jicho mojamoja. Upasuaji humfaa pale mawimbi yanapomzuia kusoma au kuendesha gari, au nuru inapozidi kushuka. Wengi hupata nafuu, lakini polepole, hata mwaka mzima, na mawimbi hupungua zaidi kuliko kuisha.

Tahadhari moja imebaki. Mistari ikipinda ghafla, kwa siku chache, huenda si tundu wala utando bali mishipa inayovuja chini ya makula, ambayo hutibiwa kwa sindano na haingoji. Kwa hivyo mstari ukipinda, usianzie duka la miwani. Uliza ni wapi pana mashine ya OCT na daktari wa retina, nawe ufike juma hilo hilo.