Waranti ya Kiwanda na Ahadi ya Muuzaji katika Lugha ya Matangazo

Makusudi ya makala haya ni kuchungua neno moja la biashara, waranti, na jinsi linavyoficha mtendaji katika matangazo ya Kiswahili. Mnunuzi aonapo neno hilo hudhani kwamba ameahidiwa kitu. Lakini ameahidiwa na nani? Mara nyingi sentensi yenyewe haisemi, na yeye hujua jibu siku ile chombo kinapoharibika, kiwanda kinapomrudisha kwa muuzaji na muuzaji anapomrudisha kwa kiwanda.

Tuchukue tangazo ambalo nimelitunga kwa kufuata mtindo wa matangazo ya vyombo vilivyotumika, kama yanavyoandikwa siku hizi Dar es Salaam na Mombasa:

“Friji ya milango miwili, imetumika miezi minane tu. Ina waranti ya miaka miwili, kompresa miaka kumi. Ikisumbua ndani ya miezi mitatu hutengenezwa bure. Imejaribiwa, iko safi.”

Tuanze na “ina waranti”. Mwenye kiambishi i- hapa ni friji. Waranti imefanywa kuwa mali ya friji, kama vile ilivyo na milango miwili. Basi sentensi hii si ahadi hata kidogo, ni habari. Habari yaweza kuwa kweli au uongo, lakini ahadi hutimizwa au huvunjwa. Tofauti hii ndiyo aliyoianzia mwanafalsafa J. L. Austin katika mihadhara yake iliyotolewa kitabu mwaka 1962, nayo yafaa sana hapa. Muuzaji asemaye “ina waranti” hajajifunga kutengeneza chochote. Amesema tu kwamba mtu mwingine, yaani kiwanda, alikwisha kujifunga. Akionekana kuwa amesema uongo, kosa lake ni la kutoa habari isiyo kweli, wala si la kuvunja ahadi ya matengenezo.

Sababu ya maficho haya, kwa maoni yangu, imo katika umbo la neno lenyewe. Waranti imeingia katika Kiswahili kama nomino bila ya kuleta kitenzi chake. Hatusemi “kuwaranti”, twasema kutoa waranti, kupewa waranti, na zaidi ya yote kuwa na waranti, na hili la mwisho halimtaki mtendaji. Linganisha na dhamana. Neno hili lina kitenzi, dhamini, tena lina mdhamini. Mwenye kusema “naidhamini friji hii miezi mitatu” hawezi kujificha, kwa kuwa kiambishi cha nafsi kimemtaja mwanzoni mwa kitenzi.

Sasa tutazame muda. Kwa desturi ya viwanda, waranti huhesabiwa tangu siku ya mauzo ya kwanza, na kadi nyingi hutaka risiti ya siku hiyo pamoja na namba ya chombo. Friji imekwisha kutumika miezi minane. Kwa hiyo katika ile miaka miwili imebaki miezi kumi na sita. Mnunuzi asomaye “ina waranti ya miaka miwili” huanza kuhesabu leo, wala sarufi haimkatazi, maana “ina” hutaja hali ya sasa. Tena kadi nyingine humtambua mnunuzi wa kwanza peke yake, na nyingine hazina nguvu nje ya nchi chombo kilikouzwa. Friji iliyonunuliwa Dubai yaweza kuwa na waranti halisi kabisa, lakini waranti hiyo ikawa Dubai na friji ikawa Tanga.

“Kompresa miaka kumi” ni maneno mengine yatakayo uangalifu. Kwa kawaida ahadi ndefu ya namna hii huhusu kompresa yenyewe tu, yaani ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi. Muda wa waranti ya friji nzima ukiisha, kiwanda kitatoa kompresa mpya, lakini gesi, kazi ya fundi na usafiri huwa juu ya mwenye friji. Muuzaji aliyenakili karatasi ya kiwanda ameacha maneno ya kupunguza, akabakiza tarakimu.

Sentensi ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu yafanana na ahadi. “Hutengenezwa bure”: hutengenezwa na nani? Kiambishi hu- hakichukui nafsi, hueleza mazoea. Juu ya hayo kitenzi kimetiwa katika hali ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Mtendaji amefutwa mara mbili. Kama ni muuzaji, basi hii ni ahadi yake mwenyewe, nayo husimama mbali na ile ya kiwanda. Kama ni kiwanda, basi haina maana, kwa kuwa miezi mitatu imo ndani ya ile kumi na sita. Mnunuzi mwerevu atamtaka muuzaji aigeuze iwe “nitakutengenezea”. Hapo yapatikana mambo matatu kwa neno moja: ni- yamtaja mwenye kufungwa, -ta- yataja wakati ujao, na -ku- pamoja na mnyambuliko wa kutendea yamtaja mwenye haki.

Huenda msomaji akauliza kama “tu-” haitoshi, kwa kuwa wauzaji wengi huandika “tunatoa waranti”. Haitoshi sikuzote. Maneno hayo mara nyingi hutoka katika karatasi ya kiwanda, ambamo “sisi” ni kiwanda. Yakinakiliwa katika tangazo la duka, “sisi” huhama bila ya mtu kukusudia. Dalili yake ni kwamba mtindo hubadilika ghafula: tangazo lasema “nauza”, kisha katikati lasema “tunatoa”.

Ama “imejaribiwa, iko safi”, hiyo ni sifa ya leo tu; haisemi neno juu ya kesho.

Neno juu ya sheria. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na ndani yake muuzaji ambaye ni mfanyabiashara wa bidhaa za namna hiyo hubeba wajibu fulani juu ya ubora wake hata asiposema lolote. Mtu auzaye friji ya nyumbani kwake hayumo katika hali hiyo, na kwake maneno ya tangazo huwa na uzito zaidi.

Tangazo letu laweza kuandikwa hivi, tukichukulia kwamba linatolewa Septemba 2025 na kwamba kadi yakubali mnunuzi wa pili:

“Friji hii ilinunuliwa mpya Dar es Salaam tarehe 10 Januari 2025. Kiwanda kimeidhamini miaka miwili tangu siku hiyo, yaani mpaka tarehe 9 Januari 2027; kadi na risiti ya kwanza nitakupa. Kwa kompresa, kiwanda kitatoa kompresa peke yake mpaka Januari 2035. Gesi, fundi na usafiri ni juu yako. Mimi muuzaji, kwa miezi mitatu tangu siku utakayoichukua, nitakutengenezea kwa gharama yangu ikiharibika yenyewe, hata kama kiwanda kitakataa.”

Maneno manne ya mwisho ndiyo yanayozitenga ahadi mbili. Bila hayo muuzaji angeweza kusema, na kwa haki, kwamba alikusudia kuipeleka friji kiwandani tu kwa niaba ya mnunuzi.