Jedwali lililogoma kupanda

Fundi wa zamu amefungua dashibodi ya seva katika Grafana. Juu kushoto kuna paneli ya kichakataji, kulia kwake grafu ndefu ya maombi yanayoingia, na chini ya zote mbili jedwali la hitilafu lililotanda upana mzima wa skrini. Anaiona grafu imekuwa kubwa mno, anashika pembe yake ya chini na kuifupisha hadi nusu. Anatarajia jedwali lipande lizibe nafasi hiyo, lakini halisogei hata kidogo. Chini ya grafu limebaki pengo, na fundi anadhani programu imeharibika.

Haijaharibika. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2018, Grafana hupanga paneli kwenye gridi yenye safu 24, na kila paneli huhifadhiwa kwa namba nne: inaanzia safu gani (`x`), mstari gani kutoka juu (`y`), ina upana wa safu ngapi (`w`) na urefu wa mistari mingapi (`h`). Dashibodi ya fundi wetu, baada ya kufupisha grafu, inasomeka hivi:

```
kichakataji  x:0  y:0  w:8   h:8
maombi       x:8  y:0  w:16  h:4
hitilafu     x:0  y:8  w:24  h:6
```

Grafu ya maombi ilikuwa na mistari 8, sasa ina 4. Wengi wanaojitengenezea dashibodi zao wenyewe huandika kanuni inayoonekana kuwa ya haki kabisa: paneli ikipungua mistari 4, kila kilicho chini yake kipande mistari 4. Ukiitumia hapa, jedwali linahamia `y:4`. Tatizo ni kwamba kichakataji bado kinakalia mistari 0 hadi 7, kwa hiyo jedwali linakilalia nusu yake ya chini. Huo ndio mpandano ambao watumiaji huulalamikia, na chanzo chake ni kupandisha kitu bila kuangalia kilicho juu yake katika kila safu kinayoigusa.

Maktaba ya msimbo ambayo Grafana iliichagua, `react-grid-layout`, inakwenda kwa tahadhari zaidi. Kwanza inazipanga paneli kwa mstari, kisha kwa safu, ili za juu zishughulikiwe kabla ya za chini. Halafu inazichukua moja moja. Kila inayofikiwa hupandishwa mstari mmoja kwa wakati mpaka igonge iliyokwisha kuwekwa, kisha hurudishwa chini ya ile iliyoigonga:

```js
while (l.y > 0 && !getFirstCollision(compareWith, l)) l.y--;
while ((collides = getFirstCollision(compareWith, l)))
  l.y = collides.y + collides.h;
```

Jedwali la hitilafu linajaribu mstari wa 7, linagonga kichakataji, linarudishwa wa 8. Upande wa kulia kuna nafasi tele, lakini jedwali ni kipande kimoja: upande mmoja ukizuiwa, lote limezuiwa.

Huko kupanga kwanza si jambo la hiari. Ukianza na jedwali wakati hakuna kilichowekwa, litapanda hadi mstari wa 0 bila kizuizi, na paneli mbili zilizokuwa juu zitasukumwa chini yake. Mtu akiona paneli zinarukiana kila anapofungua ukurasa, mpangilio wa orodha ndio wa kuchunguzwa mapema.

Je, kompyuta haiwezi kutafuta paneli nyingine ikaziba pengo? Inaweza, lakini ingeharibu kazi ya aliyeipanga. Fundi aliweka grafu ya maombi kando ya kichakataji kwa makusudi, azisome kwa pamoja. Ubanaji huu hupandisha tu. Hauhamishi paneli kwenda safu nyingine. Pengo ni gharama ya kuheshimu mahali alipochagua mtu, na kwa dashibodi inayotazamwa usiku wa dharura, gharama hiyo ni halali.

Mara nyingine jicho linaona mpandano lakini namba hazigongani. Paneli mbili hazigusani ikiwa moja inaishia kabla ya nyingine kuanza, ama kwa upana ama kwa urefu. Namba zikipita kipimo hicho, gridi haina kosa: pengine maandishi yamefurika nje ya kisanduku chake, au upana wa ukurasa ulipimwa kabla menyu ya pembeni haijafungwa.

Kwa fundi wetu dawa ni kuligawa jedwali: la kwanza `x:0 w:8`, la pili `x:8 w:16`. La kushoto linabaki mstari wa 8, chini ya kichakataji. La kulia halina tena kinachoushika upande wake, linapanda mpaka mstari wa 4, na kutulia chini ya grafu.