Usimwage Foleti na Maji ya Mboga

Vijana, ukiuza spinachi au maharage, ipo siku mama mjamzito atakuuliza kama vina foleti, maana kliniki wamemwambia. Jibu ni ndiyo, vinayo. Ila itakayofika mdomoni inategemea maji ya kupikia.

Foleti ni vitamini B9. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 400 kwa siku, mjamzito 600. Inatakiwa mapema sana, kwa sababu sehemu inayokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, mara nyingi mama hajajua kama ana mimba. Foleti ikipungua, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inaongezeka.

Sasa tupige hesabu. Spinachi mbichi gramu 200 ina karibu mikrogramu 390. Foleti huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukiichemsha kwenye maji mengi kisha ukayamwaga, karibu nusu inaondoka. Unabaki na 190 hivi. Ukiipika kwa mvuke, upotevu ni mdogo sana.

Kwa hiyo osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate. Jani lililokatwa lina midomo mingi ya kuvujia. Weka maji kidogo tu, funika, pika dakika chache. Utajuaje umekosea? Mboga imeiva na bado kuna maji ya kumwaga. Usiikamue, hayo maji yaunge humo humo.

Kisamvu usikiingize kwenye kanuni hii. Kina sumu ya sianidi, kwa hiyo kitwange na kukichemsha vizuri kama kawaida.

Kwenye maharage mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu mchuzi wake huwa tunaula. Kikombe kimoja cha maharage mekundu yaliyoiva kina mikrogramu 230 hivi. Adesi, ambazo wengine huziita kamande, zina karibu 360. Maji ya kulowekea unaweza kumwaga, yanapunguza gesi tumboni, na foleti kidogo itakwenda nayo. Ila yale ya kuchemshia baki nayo. Maharage mekundu lazima yachemke kweli kweli mpaka yalainike, yakiwa nusu mbichi yanaleta kutapika.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Anayeuza maharage yaliyochemshwa tayari, ampimie mteja pamoja na mchuzi wake. Anayeuza mboga iliyokatwa, aoshe kwanza, akate mteja akiwa pale pale, na amwambie asiioshe tena nyumbani. Asiloweke vipande kwenye beseni ili vionekane vibichi.

Na yule mama mwambie ukweli: sahani ya mboga haichukui nafasi ya vidonge vya foliki alivyopewa kliniki. Avimeze, na mboga ale.