Nyumba ya Wakfu Hairithiwi

Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, anafariki na kuacha nyumba moja ya ghorofa, mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane anapata thumuni, kila mwana wa kiume mafungu mawili kati ya manane, na kila binti fungu moja. Hesabu imekaa sawa, lakini nyumba sasa ina wenyewe sita. Wakija wajukuu, kuna wenye fungu lisilotosha hata chumba, na anayetaka pesa zake huwasukuma wenzake wauze.

Wengine hukimbilia hiba. Kwa sheria ya Kiislamu hiba hukamilika pale anayepewa anapoikubali na kukabidhiwa mali yenyewe, na hapo ndipo hati nyingi huvunjika: baba ameandika kwa wakili kwamba nyumba ni ya mwanawe, huku kodi ya wapangaji anaendelea kupokea yeye. Akishafariki, ndugu wana hoja nzito kwamba hakuna kilichotolewa. Hiba ya mgonjwa aliye mahututi nayo huhesabiwa kama wasia, isipite theluthi ya mali. Na hata ikisimama, aliyepewa anaweza kuuza kesho, au akafa nyumba ikagawanywa upya.

Wakfu ni jambo jingine. Nyumba hutoka katika umiliki wa mtu: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Wazao hula kodi tu, kizazi baada ya kizazi, na wakiisha pato huenda kwa maskini au msikiti.

Utaratibu huo uliwahi kukwama mahakamani. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, katika kesi ya ndugu wawili kutoka India, liliamua kwamba wakfu unaowanufaisha wazao, huku maskini wakingoja ukoo ukatike, ni sadaka ya jina tu. India ilirekebisha kwa sheria ya 1913. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza hilo lilitoa uamuzi uleule kwa kesi ya Kenya, na ni sheria ya Kenya ya 1951 iliyoutambua wakfu wa familia.

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba mtu hawezi kujiwekea wakfu mwenyewe. Anayetaka kuendelea kula kodi hadi afe ajue hilo kabla ya kutia saini.

Tatizo kubwa zaidi ni paa. Nyumba ya wakfu haiwekwi rehani kirahisi kupata pesa za ukarabati, na wanufaika wakigawana kodi yote, boriti zinaoza. Kwa hiyo hati imtaje msimamizi na atakayemrithi, iseme wazi kama mabinti na watoto wao wamo, na iamuru matengenezo yalipwe kwanza, kabla mtu yeyote hajapewa shilingi.